Kebo, nyaya za stima au waifai: tulivyopanga chumba cha mikutano ya video

Safari hii tunaandika juu ya kitu ambacho vijana wengi hapa Kakuma wameanza kukihitaji, nacho ni chumba cha kufanyia kazi ya mtandaoni, ile kazi ambayo lazima uonekane na usikike kwenye video. Kuna wanaofundisha lugha, kuna wanaotafsiri, na kuna wafanyakazi wa mashirika ambao siku hizi mikutano yao yote iko kwenye laptopu. Watu wanatuuliza swali moja kila wiki: tununue nini ili video isikatike? Jibu letu ni kwamba kabla hujanunua chochote, ujue kwanza inakatikia wapi. Tutawaeleza kupitia chumba kimoja tulichokipanga sisi wenyewe.

Dada mmoja wa kikundi chetu alipata kazi ya ukalimani, Kifaransa na Kiswahili. Mgonjwa yuko nchi ya mbali, daktari wake anasema Kifaransa, na dada anasikia kwa video na kusema kwa Kiswahili. Alipewa wiki mbili za majaribio. Sasa fikiria Kiswahili chetu kilivyo. “Umeze vidonge viwili” na “usimeze vidonge viwili” vinatofautiana kwa silabi moja tu, hiyo “si”. Sauti ikikatika robo sekunde pale pale, mgonjwa anasikia kinyume cha alichosema daktari. Picha ikiganda kila mtu anaona, na watu wanarudia. Silabi ikimezwa hakuna anayejua. Kwa hiyo kwa kazi yake hatukutafuta intaneti ya mbio, tulitafuta intaneti isiyoyumba.

Hii tofauti ni ya muhimu manake wengi wanaangalia kasi peke yake. Mkutano wa video wa kawaida hauhitaji kasi kubwa, megabiti 1 au 2 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho kurudi zinatosha. Mtu anaweza kuwa na megabiti 20 na bado sauti yake ikatike, kwa sababu sauti husafiri kama vifurushi vidogo vidogo vinavyotakiwa kufika kwa mpangilio. Vikichelewa, au vingine vikipotea njiani, programu haiwezi kungoja kama inavyongoja unapopakua filamu. Inaruka, na mazungumzo yanaendelea bila hiyo sehemu.

Nyumba yenyewe iko hivi. Mbele kuna nyumba ya matofali ya udongo ya mama yake dada. Ruta ya laini ya simu iko hapo, dirishani, manake dirisha linatazama upande wa mnara. Nyuma, mita 11 kutoka hapo, kuna chumba cha mabati, kuta na paa. Ndicho pekee chenye utulivu, watoto hawapiti. Stima inatoka kwenye mita ya nyumba ya mbele, na waya mmoja umevutwa hadi chumba cha nyuma. Laptopu ya kazi ingekaa huko nyuma. Njia za kuifikia ruta zilikuwa tatu: waifai, adapta zinazopitisha intaneti ndani ya nyaya za stima (mafundi wanaziita pauwalaini), au kebo ya moja kwa moja.

Tulianza kwa kupima, na kipimo ni cha bure. Kwenye laptopu ya Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika `cmd` kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari ulioandikwa `Default Gateway`. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Yetu ilikuwa 192.168.1.1. Halafu uiite ruta mara mia moja:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Laptopu inatuma kifurushi kidogo, ruta inajibu, na unaona jibu limechukua milisekunde ngapi. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Mwisho utaona `Lost`, yaani vilivyopotea, na `Minimum`, `Maximum` na `Average`, yaani muda mfupi kabisa, mrefu kabisa, na wa wastani. Watu wengi hutazama wastani tu. Sisi tunatazama kwanza vilivyopotea, halafu muda mrefu kabisa, manake hapo ndipo silabi inapomezwa.

Kipimo hiki hakitoki nje ya boma. Ni safari ya laptopu hadi ruta na kurudi. Ili kupima safari ya kwenda nje, unarudia amri ile ile ukiwa na anwani ya nje:

```
ping -n 100 8.8.8.8
```

Kama safari ya kwanza ni safi na ya pili ni mbovu, tatizo liko kati ya ruta na mnara au mbele zaidi, na hapo hata ukinunua kebo ya dhahabu hutasaidika. Kama safari ya kwanza yenyewe ni mbovu, basi chumba chako ndicho chenye tatizo, na hilo unaweza kulitengeneza kwa mikono yako.

Kwa waifai, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa umefungwa, tulipoteza vifurushi 7 kati ya 100, na kimoja kilichelewa milisekunde 612. Tukafungua mlango, bila kugusa kitu kingine chochote. Hakikupotea hata kimoja, na muda mrefu kabisa ulikuwa milisekunde 90. Hapo mabati yenyewe yalisema. Bati ni chuma, na mawimbi ya waifai yakigonga chuma hurudi nyuma kama mwanga unavyorudi kwenye kioo. Yanayoingia ni yale yanayopita kwenye mlango, dirisha na nafasi ndogo za chini ya paa. Ukuta wa udongo hupunguza nguvu ya waifai, lakini bati huizuia. Ndiyo maana mtu wa nyumba ya udongo anaweza kukuambia waifai yake iko poa mita 15 kutoka kwenye ruta, na wewe wa mabati unahangaika kwa mita 8.

Kama chumba chako kina dirisha linalotazama ruta bila kizuizi, waifai inaweza kukutosha, na usitumie pesa bure. Weka laptopu kwenye mstari wa dirisha, inua ruta juu ya meza au rafu, isiwe nyuma ya sufuria au ndoo za bati. Ruta nyingi hutoa waifai mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi na msongamano mdogo lakini inachoka haraka ikikutana na ukuta. Ya 2.4 hufika mbali, ila hapa kwetu ndiyo inayotumiwa na karibu kila simu na kila ruta ya jirani, kwa hiyo inaweza kuwa safi asubuhi na kuyumba jioni. Jaribu zote mbili kwa kipimo kile kile. Kwa dada yetu, kufanya kazi mlango wazi hakukuwezekana. Mambo ya mgonjwa ni siri, na mlango ukiwa wazi mpita njia anasikia.

Njia ya pili, pauwalaini, tuliazima jozi kutoka kwa rafiki mmoja ili kuijaribu. Adapta moja unaichomeka kwenye soketi karibu na ruta na kuiunganisha na ruta kwa kebo fupi. Ya pili unaichomeka kwenye soketi ya chumba cha kazi na kuiunganisha na laptopu. Intaneti inapanda juu ya waya ule ule wa stima kama mawimbi ya kasi kubwa sana, wakati stima yenyewe inacheza mara 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kupita pamoja. Ni akili nzuri, na kwa nyumba ya matofali yenye nyaya safi inaweza kuwa jibu zuri kabisa, hasa pale mwenye nyumba anapokukataza kutoboa ukuta.

Kwetu sisi matokeo yalibadilika kulingana na saa. Saa mbili asubuhi, hakuna kilichopotea, na muda mrefu kabisa ulikuwa milisekunde 31. Saa tano, mama alipowasha mashine ya kusaga juisi na kinyozi anayechukua stima kwenye mita hiyo hiyo akachomeka simu za wateja, tulipoteza vifurushi 3, na kimoja kilichukua milisekunde 240. Chaja za bei rahisi na mota ndogo hutoa kelele kwenye waya wa stima. Wewe huisikii, lakini adapta inaisikia, na ni kama mtu anayekuongelesha sokoni.

Ukitaka kuijaribu, angalia mambo haya. Adapta zote mbili zichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ukiichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, au kwenye kifaa cha kuhifadhi stima, kichujio kilichomo ndani humeza mawimbi yako pamoja na kelele, na unabaki na kasi ndogo au huna kabisa. Soketi zote mbili ziwe kwenye mita moja. Na usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo hupatikana maabara, nyumbani utapata sehemu ndogo yake. Kama nyumba yenu inatumia sola ya volti 12 tu, bila kigeuzi cha kuleta stima ya soketi, pauwalaini haikuhusu, haina mahali pa kuchomekwa.

Lakini kilichotufanya tuiache hakikuwa kelele. Ni kwamba stima yetu hukatika. Laptopu ina betri yake, na ruta tuliinunulia betri ndogo ya volti 12 kutoka kwa fundi wa simu, kwa hiyo stima ikikatika katikati ya mkutano, vyote viwili vinaendelea. Adapta za pauwalaini zinazimika sekunde hiyo hiyo. Kebo haili stima ya soketi. Ina ruta upande mmoja, laptopu upande mwingine, na kama hizo mbili ziko hai, njia iko hai.

Tukaamua kebo. Tulipima kwa kamba, tukifuata ua badala ya kukata katikati ya boma, tukaongeza kona, kupanda na kushuka ukutani, ikawa mita 19. Tukanunua 25 ili kubaki na akiba. Kebo ya aina hii inaruhusiwa hadi mita 100 bila kifaa cha katikati, kwa hiyo umbali haukuwa shida. Jina la kuuliza dukani ni CAT5E, limepigwa chapa kwenye ngozi ya kebo. Kwa mkutano wa video inatosha na kubaki, hakuna haja ya kulipia namba kubwa zaidi.

Kitu cha kuangalia ni chuma kilichomo ndani. Kuna kebo za shaba tupu, na kuna za aluminiamu iliyopakwa shaba, ambazo huandikwa CCA au haziandikwi kitu. Mwambie muuzaji akukatie kipande kidogo, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona nyeupe chini ya rangi nyekundu, ni aluminiamu. Inakatika kirahisi ukiikunja, na kichwa chake hulegea baada ya muda. Ya shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Pili, rangi ya ngozi. Kebo ya kijivu au ya buluu ni ya ndani ya nyumba, na jua letu la Turkana huikausha hadi ipasuke. Ya nje ni nyeusi na nene zaidi. Kama umepata ya ndani tu, ipitishe yote kwenye paipu.

Sisi tulipitisha nyeusi kwenye paipu ya plastiki, tukaichimbia urefu wa kiganja na nusu chini ya ua, mbali na waya wa stima. Usiziweke mbili hizo kwenye paipu moja. Ngozi ya waya wa stima ikichubuka ndani humo, volti 240 zinaweza kufika kwenye laptopu, na kwenye mkono ulioishika. Juu ya ardhi kebo haikai, kuna mbuzi, kuna wilibaro, kuna watoto wanaoruka kamba. Mahali pa chini kabisa pa paipu tulitoboa tundu dogo chini ili maji ya mvua yasisimame ndani.

Vichwa tuliviweka wenyewe kwa koleo ya kuazima. Ukishika kichwa, kishikio kikiwa upande wa chini na mdomo wa kuingizia nyaya ukikuelekea wewe, mpangilio kuanzia kushoto ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Wengine hudhani kijani na mwenzake lazima wakae pamoja, hapana, buluu na nyeupe-buluu huingia katikati yao. Ukizikosea, kebo inaweza kuwaka taa lakini ikapoteza vifurushi, na utalaumu mtandao bure. Laptopu ya dada ni nyembamba, haina tundu la kebo, kwa hiyo tuliongeza adapta ya USB. Hata ile ya kawaida ya megabiti 100 inatosha.

Baada ya kuchomeka, zima waifai ya laptopu kabisa, ili uwe na hakika kwamba unapima kebo na si kitu kingine. Kipimo chetu kilitoa hivi: vilivyopotea 0, wastani chini ya milisekunde 1, mrefu kabisa milisekunde 2. Mlango umefungwa, mashine ya juisi inazunguka, kinyozi yuko kazini.

Hatari moja ya kebo lazima tuiseme waziwazi, ni radi. Kebo ya shaba inayotoka nyumba moja hadi nyingine inaweza kubeba mshtuko wa radi hata kama radi imepiga mbali kidogo, na wa kwanza kuumia ni ruta na laptopu, au mtu aliyeishika. Ukisikia ngurumo, chomoa pande zote mbili. Si upande mmoja. Dada anajua kwamba siku ya mvua kubwa kazi inasimama kwa vyovyote, manake mvua juu ya mabati inashinda maikrofoni yoyote. Kwa hiyo akiona wingu, anamwandikia msimamizi mapema, anachomoa.

Tukapima pia safari ya nje, kwa `8.8.8.8`, na hapo kebo ilionyesha mpaka wake. Asubuhi tulipata wastani wa milisekunde 70 na hakuna kilichopotea. Saa mbili usiku, wastani 180 na vilivyopotea 4, wakati safari ya ndani ilikuwa safi vile vile. Huo ni mnara, watu wote wamerudi nyumbani na wako kwenye simu zao. Hatukununua kitu cha kutibu hilo, kwa sababu hakuna cha kununua upande wetu. Dada aliomba zamu za asubuhi na mchana, akamwonyesha msimamizi hizo namba, na msimamizi akakubali. Ukienda na namba, mtu wa mbali anaelewa haraka kuliko ukisema “mtandao wetu ni mbaya”.

Na bando lake lilihesabiwa kabla. Megabiti 1 kwa sekunde, kwa sekunde 3,600 za saa moja, ni megabiti 3,600. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 450. Hiyo ni kwenda, na kurudi ni nyingine 450, jumla megabaiti 900 kwa saa. Kwa saa tatu kwa siku ni karibu gigabaiti 2.7. Kuzima video ya ubora wa juu kwenye mipangilio hupunguza hilo, na sauti haiguswi.

Meza tuliiweka ili dirisha liwe mbele yake, si nyuma, maana mwanga ukitoka nyuma uso unakuwa kivuli. Kwenye ukuta wa mabati ulio nyuma yake tulitundika blanketi mbili, na mwangwi ukapungua kiasi cha kusikika. Wiki mbili za majaribio ziliisha, akapewa mkataba wa miezi sita. Kila asubuhi kabla ya zamu anapiga ile amri ya kwanza, vifurushi mia moja, dakika moja na nusu hivi, halafu ya pili. Siku vikipotea kwenye ya kwanza, anaanza kwa kuangalia kichwa cha kebo. Vikipotea kwenye ya pili tu, anamwambia msimamizi kabla mgonjwa hajaunganishwa.